Salamu ya Siku ya Kuzaliwa kwa Mkwe: Adabu ya Umbali na Maneno ya Upendo katika Kiswahili cha Segese



Mada niliyoichagua jioni hii inaweza kuonekana ndogo kwa wale waliozoea kutusikia tukijadili ngeli, uambishaji na historia ya lahaja. Ninakusudia kuzungumzia maneno machache, sentensi nne au tano, ambayo mkwe huandika chini ya picha ya mama au baba wa mwenzi wake siku ya kumbukumbu ya kuzaliwa kwake, kisha akayapeleka katika kundi la ukoo kwenye simu. Vijana huyaita kapsheni. Mimi nitayaita maneno ya picha. Ni utanzu mchanga, lakini unamlazimu mwandishi wake kutatua jambo ambalo jamii zetu zilikwisha litatua kwa njia nyingine kabisa, yaani kwa kunyamaza na kukaa mbali.

Mfano wangu ni wa Segese, kata iliyomo katika Halmashauri ya Wilaya ya Msalala, mkoani Shinyanga. Nimeichagua kwa sababu pale mambo mawili hukutana. Kwanza ni nchi ya Wasukuma, Wasumbwa na Wanyamwezi, ambako adabu ya ukweni ina kanuni zinazojulikana. Pili, iko jirani na Kakola, penye mgodi wa Bulyanhulu ulioanza uzalishaji mwaka 2001, na kwa hiyo mabinti wa Segese wameolewa na watu waliotoka Mara, Kagera, Kigoma, Kilimanjaro na kwingineko. Mkwe wa namna hii hana Kisukuma. Ana Kiswahili tu, na Kiswahili hicho ndicho kinachopaswa kubeba heshima ambayo mkwe wa kwao angeionyesha kwa kupisha njia.

Tuanze na neno lenyewe. Mkwe ni neno la kale la Kibantu, na shina lake linaonekana pia katika Kisukuma, ambamo ukweni huitwa bukwi. Katika Kiswahili neno hili huelekea pande zote mbili: mimi ni mkwe wa mama wa mke wangu, naye ni mkwe wangu. Tunayo maneno yanayotenganisha, kama vile mavyaa na bavyaa kwa wazazi, na mkaza mwana kwa mke wa mtoto, lakini katika usemi wa kila siku bara maneno hayo yamebaki zaidi kwenye kamusi. Watu husema mama mkwe na baba mkwe wanapotaja, na mama na baba wanapoita. Tofauti hiyo ya kutaja na kuita si ndogo, na nitairudia, kwa kuwa maneno ya picha hutaja na kuita kwa wakati mmoja.

Adabu ya ukweni usukumani, kama ilivyo katika jamii nyingi za Kibantu, ni adabu ya umbali. Mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawakai kwenye kiti kimoja, hawali chombo kimoja, hawatazamani usoni kwa muda mrefu, na jina la mzazi halitamkwi ovyo. Kwa Wanyakyusa kanuni ya jina ilikwenda mbali zaidi: mwanamke aliyeolewa huepuka hata maneno ya kawaida yanayofanana na jina la baba wa mumewe, na msamiati mzima wa badala, uitwao ingamwana, umechunguzwa na wanaisimu. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940 kuhusu utani, alieleza jambo ambalo wengi hulisahau: kuepukana na mkwe si dalili ya uadui. Ndoa inawaunganisha watu ambao wanaweza kugombana, na umbali unawalinda wasigombane. Kwa maneno mengine, mkwe anayepisha njia anasema, kwa miguu yake, kwamba uhusiano huu ni wa thamani mno kwake kuuhatarisha.

Sasa basi, maneno ya picha yanamtaka mtu yule yule aende kinyume. Yanamtaka aweke uso wa mkwe wake mbele ya watu, amwite, amsifu, na aseme anampenda. Wasomi wa adabu ya lugha, wakiwafuata Brown na Levinson, hutenganisha adabu ya kumwachia mtu nafasi na adabu ya kumsogelea. Pongezi za siku ya kuzaliwa, kwa namna zilivyotufikia kutoka Ulaya na Marekani, ni za aina ya pili tupu. Anayezitafsiri neno kwa neno huleta Segese ukaribu ambao haukuombwa.

Nitoe mfano. Maneno haya nimeyatunga mwenyewe, ila kila mmoja wenu atakuwa amekutana na ndugu zake. Mkwe mmoja, mzaliwa wa Mara, anafanya kazi Kakola. Mama wa mkewe yupo Segese. Mkewe amempa picha, naye anaandika:

"Heri ya kuzaliwa mama mkwe wangu mrembo! Umri unaenda lakini bado unang'aa. Wewe ni mama mkwe bora duniani. Mahari niliyotoa haitoshi kukulipa. Nakupenda sana malkia wangu." Kisha picha tatu za kopa.

Nia yake ni njema, na hilo lisitiliwe shaka. Lakini tazameni kilichotokea. Neno mrembo ni sifa ya mwili, na mwili wa mama mkwe ndio jambo ambalo adabu yote ya umbali iliwekwa ili lisitajwe na mkwe wa kiume. Bado unang'aa hurudia kosa hilo hilo na kuongeza la umri. Malkia wangu na kopa, ambazo kwa Kiswahili cha leo ni alama ya wapenzi, hukamilisha picha isiyokusudiwa. Nakupenda lenyewe si neno baya, lakini kutoka kwa mkwe wa kiume, likiwa halina wingi wala sababu, linasimama peke yake mno.

Bora duniani lina hatari ya aina nyingine. Katika miji mingi ya kule baba mkwe ana au alikuwa na wake zaidi ya mmoja, na mama wadogo nao wamo katika kundi la ukoo, wakisoma. Binti aliyeolewa pengine alinyonyeshwa na mmoja na kulelewa na mwingine. Sifa ya kulinganisha, ambayo kwa Kiingereza haimlinganishi mtu na yeyote kwa kweli, hapa inawalinganisha watu waliokaa uani pamoja. Nayo mahari ni jambo la wazee. Usukumani hutolewa kwa ng'ombe, hujadiliwa na wajumbe, na mkwe mwenyewe hana sauti kubwa katika majadiliano hayo. Akiitaja hadharani, hata kwa utani, anaonekana kana kwamba bado anapiga hesabu.

Wengine, wakiisha kuona hatari hizi, hukimbilia upande wa pili. Huandika: "Ninakutakia heri na fanaka katika kumbukumbu ya siku yako ya kuzaliwa. Mwenyezi Mungu akujalie afya njema na maisha marefu." Hapana kosa hata moja ndani yake, na hapana mtu pia. Maneno hayo yanaweza kupelekwa kwa mkuu wa wilaya. Mama wa Segese, akisomewa na mjukuu, ataitikia amina na kuuliza ni nani aliyeandika. Hapo heshima ipo na upendo haujafika.

Swali letu la kitaaluma basi ni hili: Kiswahili kina nyenzo gani za kusema upendo bila kuvunja umbali? Kisukuma kinazo katika kitenzi chenyewe. Mtoto husalimiwa wangaluka asubuhi, lakini mkubwa husalimiwa mwangaluka, kwa kiambishi cha wingi. Kushukuru nako ni wabeja, na kwa heshima mwabeja. Mtu mmoja anasemeshwa kama wengi, na hivyo hata ukisogea karibu naye kwa maneno, kiambishi kimekwisha kumpa nafasi yake. Kiswahili sanifu hakina kawaida hiyo. U- ni u- kwa mtoto na kwa mzee. Kwa hiyo kazi iliyofanywa na kiambishi mw- lazima ifanywe na kitu kingine, na mimi naona ni vitu vitatu.

La kwanza ni nafsi ya msemaji. Kama hatuwezi kumwongeza msemeshwa awe wengi, tunaweza kumwongeza msemaji. Mkwe aandike tu- badala ya ni-. Tunakushukuru, tunakuombea, watoto wako wa Kakola. Kauli ya upendo iliyokuwa ngumu katika umoja huwa nyepesi mara moja: tunakupenda, mama, ikitoka katika nyumba nzima, ni kauli ya watoto kwa mzazi. Hii si mbinu ya kujificha. Ndivyo ukwe ulivyo kwa kweli, kwani ni uhusiano wa nyumba na nyumba kabla ya kuwa wa mtu na mtu.

La pili ni kuita kupitia mtoto. Jamii zetu humwita mzazi kwa jina la mwanawe, na nyanya kwa jina la mjukuu, na hapa Kisukuma kinatupa majina yenye kusema mengi: pacha ni Kulwa na Doto, anayewafuata ni Shija, aliyezaliwa wakati wa mvua ni Mabula. Tuseme mkwe wetu amejaliwa pacha. Akiandika Bibi Kulwa na Doto, ametimiza mambo mawili kwa pamoja. Amelikwepa jina la mkwewe, kama adabu inavyotaka, na amemtaja kwa kile kilichowafanya wawe ndugu. Mama mkwe ni cheo kilicholetwa na mkataba, lakini Bibi Kulwa hakuna mahari wala talaka itakayomvua.

Tena, mjukuu ana ruhusa ambayo baba yake hana. Kati ya babu au bibi na mjukuu kuna utani, na usukumani, kama pwani, bibi humwita mjukuu wa kiume mume wangu na watu wakacheka. Mrembo, lililokuwa kosa kwa mkwe, ni halali kabisa kwa mjukuu. Mwandishi mwangalifu anaweza kuweka sentensi moja ya mjukuu ndani ya maneno yake: "Kulwa anasema bibi ndiye mchumba wake na hataki kusikia habari za mtu mwingine." Furaha imeingia, na mkwe amebaki mahali pake. Lakini lazima mtoto awe amesema kweli. Mzee hukitambua upesi kinywa cha mtu mzima kilichovaa sauti ya mtoto, na hapo utani unageuka kuwa ujanja.

La tatu, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni kitenzi cha wakati uliopita. Sifa humtazama mtu, na mkwe hapaswi kumtazama mkwewe kwa muda mrefu. Tendo halimtazami mtu. Ukisema wewe ni mkarimu, umemweka mama mbele ya watu na kumpima. Ukisema ulikuja na gunia la mchele kabla hatujakuambia kwamba tumeishiwa, umesema ukarimu wote huo na macho yako yako kwenye gunia. Ndiyo maana wazee wetu, wakitaka kumsifu mtu, husimulia. Na ndiyo maana naamini kwamba unyofu wa maneno ya picha unapimwa kwa jambo moja: je, yana tendo ambalo haliwezi kuhamishiwa kwa mkwe wa mtu mwingine?

Kwa misingi hiyo turudi kwa mkwe wetu wa Kakola na tumsaidie kuandika upya. Tendo analo. Mwaka walipozaliwa pacha, mama alitoka Segese akakaa nao miezi mitatu, na alfajiri alikuwa akiwabeba watoto nje ili baba anayerudi zamu ya usiku apate usingizi. Hakuwahi kumshukuru kwa hilo, maana palikuwa na ukuta na mlango kati yao, na adabu ikiwazuia wote wawili. Anaandika hivi:

"Shikamoo mama. Leo nyumba yetu inamshukuru Mungu kwa siku uliyozaliwa. Kulwa na Doto walipokuwa wachanga, ulikuwa ukiwabeba nje alfajiri ili anayetoka zamu ya usiku alale. Alilala, mama, na hajasahau. Doto anauliza tutakuja lini Segese. Mungu akutunze, tuzidi kuja kukuamkia. Wabeja, mayu. Wanao wa Kakola."

Nieleze hatua zake. Inaanza kwa shikamoo, ambayo si pambo. Ni salamu inayodai jibu, nayo jibu lake ni neno moja, marahaba. Mzee asiyezoea kuandika kwenye simu, au asiyejua kusoma, amepewa njia nyepesi ya kujibu. Heri ya kuzaliwa haimpi njia hiyo, na ndiyo maana wazee wengi hubaki kimya baada ya kuipokea, vijana wakadhani hawakufurahi.

Pili, mshukuriwa ni Mungu na kinachoshukuriwa ni siku, hivyo idadi ya miaka haikutajwa. Hili si la kupuuza. Waliozaliwa vijijini miaka ya 1940 na 1950 wengi wao huhesabu kwa matukio, kama vile kabla ya Uhuru, au alikuwa na mtoto mgongoni wakati wa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Tarehe iliyo kwenye kitambulisho mara nyingine iliandikwa kwa kukadiria. Anayetangaza miaka 70 kamili anaweza kusahihishwa hadharani na dada mkubwa wa mama, na sherehe ikawa ubishi. Ni vyema kumwuliza mke kwanza, na kama tarehe ni ya makadirio, siku uliyozaliwa inatosha bila namba.

Tatu, angalieni anayetoka zamu ya usiku alale. Mkwe amejitaja katika nafsi ya tatu. Katika lugha ya kawaida ingekuwa ajabu, lakini hapa ndipo umbali ulipotunzwa: hakusema ulinilaza, tamko ambalo lisingevumilika kwa mama mkwe. Sentensi inayofuata, alilala, mama, na hajasahau, ndiyo kiini cha upendo wote, na haina hata kivumishi kimoja. Nilipoitunga niliongeza sana mwishoni, kisha nikaifuta.

Nne ni wabeja, mayu. Mayu ni mama kwa Kisukuma. Mkwe kutoka Mara hajui lugha hiyo, na maneno mawili yanatosha. Akiandika zaidi atakosea au ataonekana anajipendekeza. Mwanafunzi makini ataniuliza kwa nini hakuandika mwabeja, ikiwa wingi ndio heshima. Ni swali la haki. Wabeja imeenea kama neno la shukrani hata kwa wasiokijua Kisukuma, na kutoka kwa mgeni haimkwazi mtu. Ila kama mkewe yupo karibu, amwulize, kwa sababu mgeni anayepatia kiambishi hicho kimoja amemheshimu mama kwa lugha ya mama.

Tano, maneno haya yatasomwa kwa sauti. Mjukuu au jirani atayasoma, bibi akisikiliza huku anapepeta mchele. Kwa hiyo kila sentensi iishe ndani ya pumzi moja, na pasiwe na kitu kinachotegemea macho, kama kopa au herufi zilizorembwa. Picha yenyewe nayo ichaguliwe kwa adabu hiyo hiyo: mama akiwa amekaa na wajukuu, amejifunga kanga yake vizuri, na awe ameridhia itumwe. Picha aliyopigwa jikoni bila kujua haitafunikwa na maneno yoyote mazuri.

Kuhusu baba mkwe nitasema kwa ufupi. Kwa mkwe wa kiume umbali kwa baba ni mwepesi zaidi, na tendo linaweza kutajwa waziwazi, hata la ushauri wa fedha au la shamba. Kwa mke wa mwana mambo hugeuka: yeye ndiye aliye mbali na baba, na karibu na mama wa mume, ambaye wamepika pamoja na pengine wamekoseana pamoja. Kwake mama mkwe si hatari ya ukaribu uliozidi. Hatari ni unafiki, kwa kuwa ukoo wote unajua walivyoishi. Namshauri aandike kuhusu siku moja tu iliyokuwa njema kweli, na asiandike kuhusu miaka yote.

Utajuaje kwamba maneno yamepokewa? Si kwa wingi wa waliopongeza, kwani hao huwa ni vijana wenzake. Tazama jinsi mzee anavyokuita katika jibu lake. Akijibu asante mkwe, adabu imetimia. Akikaa kimya siku mbili kisha akapiga simu kwa binti yake kuuliza mambo mengine kabisa, na mwishoni akasema mwambie mwanangu marahaba, basi hapo neno limebadilika, na mkwe asiulize zaidi.